Chumvi ya bahari au chumvi ya mezani: ipi ina madini ya kukufaa?

Weka pakiti mbili mezani. Ya kwanza ni ile nyeupe, laini, ya nusu kilo, iliyoandikwa "yenye madini joto". Ya pili ni chupa ya chumvi ya bahari isiyosafishwa, ya kijivu, yenye punje kubwa na unyevu kidogo, na lebo yake inasema "asilia, ina madini zaidi ya 80". Bei ya chupa ni mara kadhaa ya bei ya pakiti. Mnunuzi anayejali afya ya nyumbani kwake anataka kujua kama tofauti hiyo ya bei inamnunulia madini ya maana.

Haimnunulii. Ili sababu ieleweke, ni vizuri kwanza kuangalia chumvi inavyotengenezwa, kwa kuwa jibu liko shambani kuliko kwenye lebo.

Zote mbili zimetoka baharini

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jina "chumvi ya bahari" linapotosha tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya chumvi ya mezani inayouzwa Kenya huvunwa kwa jua kutoka maji ya Bahari ya Hindi, kwenye mashamba ya Gongoni, Ngomeni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi. Tanzania kuna mashamba ya namna hiyo Bagamoyo, Lindi, Mtwara na Pemba. Zipo chumvi zisizotoka baharini, kama ya Uvinza mkoani Kigoma, ambayo hupatikana kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na ya Katwe huko Uganda, ambayo hutoka ziwani. Hata hivyo, pakiti nyingi za bei ya kawaida zilizoko dukani zilianza safari kama maji ya bahari, sawasawa na ile chupa ya kijivu.

Kwa hiyo tunacholinganisha hapa ni chumvi ya bahari iliyooshwa, ikakaushwa, ikasagwa na kuongezwa madini joto, dhidi ya chumvi ya bahari ambayo haikufanyiwa hayo.

Magnesi inabaki bwawani

Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Ndani yake kuna gramu 10.8 hivi za sodiamu, gramu 1.3 za magnesi, na kama gramu 0.4 kwa kila moja ya kalisi na potasiamu. Ukiishia hapo, mwenye chupa ya kijivu ana hoja nzuri. Kama ungekausha lita hiyo mpaka tone la mwisho na kula kila kilichobaki, gramu 5 za unga huo zingekuwa na magnesi zaidi ya miligramu 180, ambayo ni karibu nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula unga huo. Ni mchungu, unaharisha, na unavuta maji mpaka unakuwa tope.

Mkulima wa chumvi hakaushi maji mpaka mwisho. Anayahamisha kutoka bwawa hadi bwawa kadiri yanavyozidi kuwa mazito, akipima uzito wake kwa haidromita yenye digrii za Bome. Maji ya bahari yanaanza na digrii 3 hadi 3.5. Kinachotangulia kuganda ni chokaa, kisha jasi, pale maji yanapokuwa yamepungua hadi takribani robo au sehemu ya tano ya ujazo wa mwanzo. Hapo ndipo kalisi nyingi inapobaki, imeganda kama ukoko kwenye sakafu ya mabwawa ya kati. Maji yakipungua hadi kama sehemu ya kumi, na haidromita ikasoma digrii 25 au 26, kloridi ya sodiamu, yaani chumvi yenyewe, inaanza kujitenga na kutua kwa punje nyeupe.

Magnesi na potasiamu bado zimo kwenye maji wakati huo. Haziko tayari kuganda, na mkulima hataki zigande. Haidromita ikifika digrii 29 au 30 anayafungulia maji yaliyobaki yatoke, maji mazito yanayoteleza vidoleni na machungu ajabu ukiyaonja. Akichelewa kuyatoa, chumvi yake inakuwa chungu na haikauki hata ikianikwa juani siku nzima. Akiwahi, inakuwa safi na kavu.

Sehemu kubwa ya madini yanayosifiwa kwenye lebo huondoka kwa njia hiyo, kabla hata kiwanda hakijagusa chumvi. Usafishaji wa baadaye unamalizia tu kazi ambayo jua lilishaifanya: punje zinaoshwa kwa maji yaliyokwisha kujaa chumvi, ambayo hayawezi kuziyeyusha lakini yanasukuma nje yale maji machungu yaliyonaswa juu yake, kisha zinakamuliwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, zinakaushwa na kusagwa. Chumvi ya kijivu ni ile ambayo hatua hiyo ya kuoshwa imerukwa au imefanywa kidogo. Rangi yake hutoka kwa udongo wa sakafu ya bwawa, na unyevu wake ni yale maji machungu yaliyonaswa nayo.

Unaweza kuuona ushahidi wa jambo hili jikoni. Chumvi safi huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesi huanza kwenye asilimia 33 tu. Weka kijiko cha kila aina kwenye visahani viwili usiku mmoja mahali penye hewa ya kawaida ya bara, kama Dodoma au Nairobi siku isiyo na mvua. Nyeupe itabaki inamwagika vizuri, ya kijivu itakuwa imeshikana. Pwani jaribio hili halikusaidii, kwa kuwa huko hewa hupita asilimia 75 mara nyingi na zote mbili zitalowa.

Kiasi kilichobaki ni kipi?

Unyevu huo unaonyesha kwamba magnesi ipo kweli kwenye chumvi ya kijivu. Kinachobaki kuulizwa ni kiasi. Jedwali hili limewekwa kwa gramu 5 za chumvi, kijiko cha chai kisichojaa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie kiasi hicho kwa siku nzima, ikihesabiwa pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, soseji na mchuzi wa unga.

| Katika gramu 5 | Ya kijivu, haijasafishwa | Nyeupe, yenye madini joto | Mahitaji ya mtu mzima kwa siku |
|---|---|---|---|
| Sodiamu | mg 1,700–1,900 | mg 1,950 hivi | isifike mg 2,000 |
| Magnesi | mg 15–25 | chini ya mg 1 | mg 310–420 |
| Kalisi | mg 5–10 | mg 1–2 | mg 1,000 hivi |
| Potasiamu | mg 5–10 | chini ya mg 1 | mg 3,500 hivi |
| Madini joto | chini ya mikrogramu 9 | mikrogramu 150* | mikrogramu 150 |

*Kwa chumvi iliyowekewa miligramu 30 za madini joto kwa kilo.

Soma mstari wa magnesi kwanza, kwa kuwa ndio pekee unaoweza kutetewa. Chumvi ya kijivu inakupa, ukiihesabia kwa ukarimu, asilimia 5 au 6 ya mahitaji. Kalisi haifiki asilimia moja kwa urahisi, na potasiamu ni kama hakuna. Na ili upate hata hiyo asilimia 6 ya magnesi, unatakiwa ule chumvi yote ya siku kutoka kwenye chupa moja, usiguse mkate wa dukani wala chakula cha hotelini.

Sasa chukua mchicha uliochemshwa na kuchujwa maji, gramu 100, ambao ni kama nusu kikombe kilichoshindiliwa. Una takribani miligramu 55 za magnesi, 209 za kalisi na 641 za potasiamu. Ukitaka magnesi hiyohiyo kutoka kwenye chumvi ya kijivu yenye miligramu 4 kwa gramu, itakubidi ule gramu 14 za chumvi, ambazo zitakuletea karibu gramu 5 za sodiamu, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha siku. Potasiamu ya mchicha huo huwezi kuipata kwenye chumvi ya kijivu hata kidogo, kwani ungehitaji mamia ya gramu. Hapa ndipo hoja ya madini inapovunjikia: chumvi huliwa kidogo, na lazima iliwe kidogo, kwa hiyo chochote kilichomo ndani yake kwa sehemu ndogo ya asilimia hakiwezi kumlisha mtu.

Na yale "madini zaidi ya 80"? Hesabu hiyo ni ya aina, haisemi lolote kuhusu kiasi. Ukiwa na mashine inayoweza kugundua viasi vidogo mno utakuta chembe za karibu kila elementi kwenye maji ya bahari, risasi na aseniki zikiwemo, na zote zinaingia kwenye idadi. Lebo inayotaja idadi ya madini bila kuandika miligramu kwa kila gramu 100 haijakupa taarifa unayoweza kuitumia. Hoja hii inaihusu pia chumvi ya pinki ya Himalaya, inayochimbwa Khewra huko Pakistani kutoka kwenye bahari iliyokauka zamani za kale. Rangi yake ni ya chuma, na chuma hicho ni kidogo mno kumsaidia mwenye upungufu wa damu.

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wa kuamulia

Watu wengi wanadhani chumvi ya bahari ina madini joto kwa asili, kwa kuwa bahari inayo. Wazo hili lina mantiki yake, ila hesabu inalikataa. Lita moja ya maji ya bahari ina kama mikrogramu 60 za madini joto, zikiwa pamoja na gramu 35 za chumvi. Hata kama yote yangebaki, gramu 5 za chumvi zingekuwa na chini ya mikrogramu 9. Kwa kweli hayabaki yote, kwa kuwa mengine hupotelea hewani na mengine huondoka na maji machungu. Samaki na mwani wana madini joto mengi kwa sababu wao huyakusanya mwilini kutoka kwenye maji mengi wanamoishi. Punje ya chumvi haikusanyi chochote.

Chumvi ya pakiti huwekewa madini hayo kiwandani, mara nyingi kwa kunyunyiziwa potasiamu ayodeti. Penye miligramu 30 kwa kilo, gramu 5 zinatoa mikrogramu 150, yaani mahitaji kamili ya mtu mzima kwa siku. Mjamzito anahitaji 250. Akikosa, tezi ya shingoni huvimba ikawa goita, na linaloumiza zaidi ni kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyopaswa, na madhara hayo hayarudishwi nyuma baada ya kuzaliwa. Sehemu za milimani, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kwenye udongo, ndizo zilizoathirika zaidi. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilijulikana kwenye maandishi ya tiba kwa wingi wa goita.

Familia inayokaa nyanda za juu, isiyokula samaki wa baharini, ikihamia kwenye chumvi ya kijivu isiyoongezwa madini joto kwa ajili ya "afya", inabadilisha madini yanayotimiza haja nzima ya siku na madini yanayotimiza asilimia 5. Hiyo ndiyo tofauti moja ya madini yenye uzito katika ulinganisho huu, na iko upande wa chumvi ya bei nafuu. Hali ni hiyohiyo kwa chumvi ya mawe inayouzwa kwa magunia kwa ajili ya kukaushia samaki na kuhifadhia ngozi za wanyama. Kimsingi ni ndugu wa ile ya chupa, haijaongezwa kitu, na ikiingia jikoni kwa sababu ya urahisi wake inaleta pengo hilohilo.

Madini joto yaliyoongezwa nayo hupotea, hasa kwa unyevu. Gunia au pakiti ikilowa, potasiamu ayodeti huyeyuka kwenye ule utando wa maji na kushuka chini, hivyo chumvi ya juu inabaki tupu. Mimina pakiti kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, kiweke mbali na mvuke wa sufuria na jua la dirishani, na tia chumvi chakula kikikaribia kuiva. Ukiwa na shaka na chumvi unayonunua kwa kipimo sokoni, kipo kichupa cha kupimia ambacho maafisa wa afya hukitumia: tone moja juu ya chumvi, ikigeuka bluu au zambarau madini joto yamo, ikibaki nyeupe hayamo. Kichupa hicho ni cha kujua kama yamo au hayamo, usikitumie kukadiria kiasi.

Yanayosemwa dhidi ya chumvi nyeupe

Lawama inayotisha zaidi ni ya ferosianidi, dutu inayowekwa ili punje zisigandane. Jina lina sianidi ndani yake, na ndipo hofu inapoanzia. Kwenye dutu hii sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu, na mwili haukifungui kifungo hicho. Kiasi chenyewe pia ni kidogo. Chumvi yenye miligramu 10 kwa kilo inakupa miligramu 0.05 katika gramu 5, wakati kikomo kilichowekwa na wataalamu wa kimataifa wa viongezeo vya chakula ni miligramu 1.5 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Anayetaka kuiepuka bado anaweza kutafuta pakiti isiyo nayo na kubaki na madini joto.

Kwa upande mwingine, chumvi isiyooshwa inabeba mchanga na udongo zaidi, na chunguzi za nchi mbalimbali zimekuta vipande vidogo vya plastiki kwenye chumvi za baharini. Vipo kwenye iliyosafishwa pia. Hilo si la kukufanya uogope chupa, ila neno "asilia" halimaanishi kwamba imesafishika.

Ladha na kijiko

Sababu nzuri ya kununua chumvi ya punje kubwa ipo, nayo ni mdomo. Punje inayovunjika chini ya jino juu ya samaki wa kuchoma au embe bichi ina raha ambayo unga laini hauna, na uchungu kidogo wa magnesi wengine wanaupenda. Kwenye mchuzi au maji ya kuchemshia muhogo raha hiyo inayeyuka, na ulichobakiwa nacho ni gharama.

Angalia kijiko tu. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina uzito wa gramu 6 hivi, cha punje kubwa ni kama 5, na cha vigamba vyepesi kinaweza kuwa 3. Anayehama kutoka laini kwenda vigamba kwa kijiko kilekile anaona presha imepata nafuu na kuisifu aina ya chumvi, kumbe amepunguza chumvi kwa nusu. Anayehama kwa upande wa pili anaharibu sufuria ya maharage na kupandisha sodiamu bila kujua. Mapishi yakiandika kijiko bila kutaja aina, pima kwa mizani ya jikoni, au anza na nusu uonje.

Kama kweli unatafuta chumvi yenye madini tofauti

Ipo aina moja ambayo muundo wake umebadilishwa kwa kiasi kinachohesabika: chumvi iliyopunguzwa sodiamu, ambamo sehemu ya kloridi ya sodiamu imetolewa na kuwekwa kloridi ya potasiamu. Kwenye utafiti mkubwa uliofanyika katika vijiji 600 vya China na matokeo yake kutolewa mwaka 2021, karibu watu 21,000, wengi wao wakiwa wameshawahi kupata kiharusi, walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Waliotumia mchanganyiko wa takribani asilimia 75 kwa 25 walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu kuliko waliotumia chumvi ya kawaida. Gramu 5 za mchanganyiko huo zina takribani miligramu 650 za potasiamu na sodiamu karibu gramu 1.5. Linganisha na miligramu 5 hadi 10 za potasiamu za chumvi ya kijivu, utaona kwa nini hii inasogeza presha na ile haisogezi.

Nguvu hiyo ina hatari yake. Figo ndizo zinazotoa potasiamu mwilini, na zikiwa dhaifu hujikusanya kwenye damu mpaka ikavuruga mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila daktari wake kukubali. Hivyohivyo anayemeza enalapril, losatani au spironolaktoni, kwa kuwa dawa hizo nazo huzuia potasiamu isitoke. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2025 liliwaacha nje watoto na wajawazito. Kabla ya kuilipia, geuza pakiti usome kama imewekewa madini joto, maana si zote zinazowekewa.